Somo: Kukadiria athari kuu na mwingiliano kutokana na wastani nne

Tuchukue jaribio la mimea katika vyungu lenye vigezo viwili, maji na naitrojeni, kila kimoja kikiwa na kiwango cha chini na cha juu. Michanganyiko ni minne, na kila mmoja hupewa vyungu vitatu vilivyopangwa kwa bahati nasibu. Wastani wa uzito mkavu wa mmea, kwa gramu, ni kama ifuatavyo (tarakimu ni za kubuni):

```
                 Maji chini   Maji juu
Naitrojeni chini     20          28
Naitrojeni juu       24          44
```

Hatua ya kwanza: tafuta athari ya naitrojeni katika kila kiwango cha maji. Maji yakiwa machache, naitrojeni huongeza 24 − 20 = 4; yakiwa mengi, huongeza 44 − 28 = 16. Athari kuu ya naitrojeni ni wastani wa tofauti hizo mbili, yaani 10.

Hatua ya pili: fanya vivyo hivyo kwa maji. Tofauti ni 8 na 20, hivyo athari kuu ni 14.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha jaribio: mwingiliano ni nusu ya tofauti kati ya zile athari mbili za naitrojeni, (16 − 4)/2 = 6. Ukianzia upande wa maji, (20 − 8)/2 nayo ni 6. Majibu yasipolingana, umekosea alama ya kutoa mahali fulani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini mwingiliano unagawanywa kwa mbili?*

Ni makubaliano tu, lakini yana faida: makadirio yote matatu huwa tofauti kati ya nusu moja ya vyungu na nusu nyingine, kwa hiyo hitilafu sanifu yake ni moja. Ikiwa varianzi ndani ya michanganyiko ni 12, hitilafu sanifu ya kila athari ni kipeuo cha pili cha 12(1/6 + 1/6), yaani 2. Mwingiliano wetu ni mara tatu ya hiyo, ukizidi mpaka wa 2.306 wa digrii huru 8 kwa kiwango cha asilimia 5.

*Je, naweza kuripoti kwamba naitrojeni huongeza gramu 10?*

Nisingekushauri. Hakuna kiwango cha maji kilichojaribiwa ambamo ongezeko lilikuwa 10. Ripoti 4 na 16 kila moja na hali yake.

*Nikiwa na chungu kimoja tu kwa kila mchanganyiko?*

Makadirio utayapata yaleyale, lakini wastani wa jumla na athari tatu vitakuwa vimemaliza data zote nne, pasibaki chochote cha kupimia hitilafu, na hutaweza kutofautisha mwingiliano wa kweli na chungu kimoja kilichodumaa.