HR kakuomba wadhamini watatu? Waandae kabla hujatuma majina

Wadau habari zenu, leo somo la wadhamini, maana vijana wengi huku Mbeya wanapita intavyuu vizuri kabisa halafu wanakwama mwishoni, HR anampigia mdhamini anajibiwa "nani huyo?"

Mfano: binti kasoma kilimo, kafanya kazi ya mkataba shamba la parachichi Rungwe, sasa kaomba uafisa ugani kampuni ya Dar. Jumanne HR kamwambia atume wadhamini watatu kabla ya Ijumaa.

Hatua ya 1: chagua waliokuona ukifanya kazi. Kwake ni supavaiza wa shambani, mwalimu aliyesimamia risechi yake chuo na afisa kilimo wa kata waliyezunguka naye kwa wakulima. Baba mdogo mwenye cheo simshauri, HR ataulizia ripoti zilifika kwa wakati? aliondoka kwa nini? ungemwajiri tena? Baba mdogo atajibu nini hapo.

Hatua ya 2: piga simu, uombe ruhusa. Akisitasita, "aah we andika tu", shukuru utafute mwingine.

Hatua ya 3, hapa ndo wengi wanaruka. Akikubali mtumie wasap tangazo la kazi, CV ileile uliyoombea, na ujumbe kama huu: "Shikamoo bosi. Nafasi ni afisa ugani. Nilikuwa chini yako Machi 2023 hadi Februari 2024, nikisimamia kitalu cha miche na mafunzo ya wakulima. Wanaweza kukupigia wiki hii." Tarehe ndo muhimu zaidi, CV ikisema mwaka mzima na bosi akakumbuka "kama miezi sita hivi", HR anajua umedanganya hata kama ni kusahau tu. Ila usimpangie sifa za kusema, mkumbushe kilichofanyika basi.

Hatua ya 4: orodha iwe ukurasa mmoja wa PDF. Kila mtu jina, cheo, taasisi, alikuwa nani kwako, imeili, na simu inayoanza na +255. Supavaiza akiwa shambani mtandao unasumbua, kwa hiyo andika "anapatikana baada ya saa 10 jioni". Ukishatuma waambie sikuhiyohiyo, wengine hawapokei namba ngeni wakihofia matapeli.

MASWALI

Mdau wa Makambako: Bosi wa sasa hajui natafuta kazi, nimuweke?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Weka bosi wa zamani, au mwenzako mwandamizi unayemwamini, na umwambie HR bosi wa sasa aulizwe baada ya ofa tu. Hilo ombi ni la kawaida, wanalielewa.

Mdau wa Mafinga: Supavaiza kahama kampuni, naandika cheo kipi?
Jibu: Cha sasa, halafu chini yake "alikuwa supavaiza wangu" na jina la kampuni ya zamani. Imeili iwe anayoitumia sasa, ile ya kampuni aliyotoka huenda imeshafungwa.

Mdau wa Uyole: Na Ajira Portal je?
Jibu: Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwa yanataka wadhamini watatu wenye mawasiliano ya uhakika. Kama uliwajaza zamani, wapigie tena kabla ya kuomba nafasi mpya uone namba bado zinapatikana.