Kupima viambajengo kwa mfano mmoja: «Dereva wa daktari wa Mombasa amefika»

Sentensi hii ina maana mbili. Huenda daktari ndiye wa Mombasa, na dereva ni wake. Huenda pia dereva ndiye wa Mombasa, na daktari anaishi kwingine. Tutaiweka mezani na kuipima kwa njia tatu: kubadilisha, kuhamisha na kuunganisha, ili kuona ni mafungu gani ya maneno ni viambajengo, yaani hufanya kazi kama kitu kimoja ndani ya sentensi. Kabla ya kuanza, andika kila maana kwa mabano:

```
A: [dereva [wa [daktari [wa Mombasa]]]]
B: [[dereva [wa daktari]] [wa Mombasa]]
```

Bila mabano hayo utajikuta unapima maana moja huku kichwani unayo nyingine.

Hatua ya 1: Badilisha

Chukua fungu la maneno unalolishuku, weka neno moja mahali pake, kisha uangalie kama maana imebaki ileile. Katika A, «wa daktari wa Mombasa» linaingia lote katika «wake»: *Dereva wake amefika*. Katika B, «wake» linameza «wa daktari» tu, na Mombasa inabaki nje: *Dereva wake wa Mombasa amefika*. Sentensi hii ya pili haiwezi kubeba maana A, kwa hiyo kipimo kimezitenganisha.

Sasa jaribu «wa Mombasa» ya B. Ukiweka «wake», Mombasa inageuka kuwa mwenye dereva, na hiyo si maana tuliyoanza nayo. Ukisema «wa huko», umebadilisha Mombasa peke yake. Fungu ni kiambajengo halali, ila lugha haina kiwakilishi cha kulimeza lote. Basi kubadilisha kukigoma, usiandike «si kiambajengo»; andika «hakuna jibu».

Mtego mwingine, na huu huwanasa wengi, ni kiambishi cha yambwa. Watu hulinganisha *Nilimwona dereva* na *Nilimwona*, wakasema «-mw-» imechukua nafasi ya «dereva». Lakini «-mw-» ilikuwamo tangu sentensi ya kwanza! Ulichofanya ni kudondosha nomino, hukubadilisha kitu.

Hatua ya 2: Hamisha

Tumia *Nilimwona dereva wa daktari wa Mombasa*. Peleka fungu mwanzoni: *Daktari wa Mombasa, nilimwona dereva wake*. Inakubalika, na inatoa maana A pekee.

Hata hivyo, tazama «wake» iliyobaki nyuma. Kama fungu limehama kweli, mbona limeacha kiwakilishi? Inawezekana limewekwa mwanzoni tangu awali kama mada, na «wake» inalirejelea tu. Kwa hiyo mfano huu unatuambia kwamba «daktari wa Mombasa» linaweza kusimama kama kirai, lakini hautoshi kuthibitisha kwamba lilitoka mle ndani.

Kwa «wa Mombasa» kipimo kinagoma tena: *\*Wa Mombasa, nilimwona dereva wa daktari*. Kugoma huku kunatokana na kwamba kirai cha a-unganifu hakipendi kung'olewa kutoka kwa nomino yake. Hakusemi lolote kuhusu umoja wa maneno yake.

Hatua ya 3: Unganisha

Hapa ndipo «wa Mombasa» inapookolewa: *dereva wa daktari wa Mombasa na wa Lamu*. Mafungu mawili ya aina moja yamekaa pamoja bila taabu.

Upatanisho wa kitenzi nao unasaidia. Linganisha:

- *Dereva wa daktari wa Mombasa na nesi wa Lamu amefika.*
- *Dereva wa daktari wa Mombasa na nesi wa Lamu wamefika.*

Ya kwanza ina mtu mmoja aliyefika, dereva wa wote wawili. «Na» imeunganisha «daktari wa Mombasa» na «nesi wa Lamu» ndani ya kirai. Ya pili ina watu wawili, na muungano uko juu zaidi.

Tatizo ni kwamba «na» yetu pia hubeba maana ya kuandamana. *Dereva alifika na daktari* haina muungano wa kirai kimoja, ndiyo maana kitenzi ni cha umoja. Ukiwa na shaka, weka «au» badala ya «na»: *\*Dereva alifika au daktari* inayumba, isipokuwa ukitua kana kwamba umekumbuka kitu baadaye.

Kosa kubwa zaidi la kipimo hiki ni kukubali mno. Mwanaisimu Chomsky alikitumia mwaka 1957 kama kigezo cha viambajengo, lakini angalia *Nilimpa Asha kitabu na Juma kalamu*. Sentensi ni safi kabisa, na kilichounganishwa ni «Asha kitabu» na «Juma kalamu». Jaribu kukitenga kwa «ni»: *\*Ni Asha kitabu niliyempa*. Inakataa. Jaribu kutafuta kiwakilishi kimoja cha «Asha kitabu», hakipo. Wapo wanaosema kuna «nilimpa» ya pili iliyodondoshwa kabla ya «Juma», na wapo wanaokubali kwamba hata visivyo viambajengo huunganishwa. Mimi huchukua njia ya udondoshaji, kwa sababu «nilimpa» ya pili ikirudishwa, *Nilimpa Asha kitabu na nilimpa Juma kalamu*, maana haibadiliki.