Somo: Magofu ya Gedi na Kilwa Kisiwani, uzunguke peke yako au umchukue mwongoza watalii?

Hatua ya kwanza ni kuuliza utaratibu wa mahali penyewe. Kilwa Kisiwani kibali hutolewa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na kwa kawaida mgeni hufuatana na mwongozaji, kwa hiyo la kuamua hapo ni muda utakaokaa naye.

Hatua ya pili, ambayo naiona kuwa ndiyo muhimu zaidi, ni kupima kama mahali panajieleza. Gedi, karibu na Watamu, pana makumbusho madogo, majengo yamepewa majina, na kaburi moja limechongwa tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, ambayo humpa mgeni kipimo cha umri wa mji. Msomaji mtulivu anaweza kuingia makumbusho kwanza, kisha akazunguka mwenyewe na kuelewa mengi.

Kilwa hali ni tofauti. Msikiti Mkuu unaonekana kama jengo moja, ilhali ukumbi mdogo wa kaskazini ni wa zamani zaidi, na sehemu kubwa yenye kuba iliongezwa karne ya 14, ikabomoka, ikajengwa upya karne iliyofuata. Asiyeonyeshwa mahali sehemu hizo zinapoungana hupita bila kujua kwamba ameona vizazi kadhaa vya ujenzi. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililo mbali kidogo upande wa mashariki, lina birika la pembe nane ambalo bila maelezo hubaki shimo tu.

Hatua ya tatu ni kujitazama wewe mwenyewe. Aliyekwisha kusoma historia ya pwani, au anayetaka kuchora na kupiga picha kwa saa nyingi, atabanwa na mwendo wa mtu mwingine. Basi na aombe maelezo ya saa ya kwanza, kisha abaki mahali anapopapenda. Malipo na muda vikubaliwe kabla ya kuanza.

Maswali ya wanachama

*Ndugu mwandishi, nikienda Gedi na watoto?*
Mchukue mwongozaji, lakini mweleze mapema kwamba mnataka ziara fupi. Watoto huchoshwa na tarehe, ila huuliza sana kuhusu visima na vyoo, na hayo mwongozaji anaweza kuwaonyesha papo hapo.

*Nitamjuaje anayejua kazi yake?*
Ukiwa Kilwa, muulize ni sehemu ipi ya Msikiti Mkuu ilijengwa kwanza, na amejuaje. Anayeijua atakupeleka ukutani akuonyeshe. Asiyeijua atakutajia masultani tu.

*Na Mji Mkongwe wa Unguja?*
Vichochoro tembea mwenyewe, hata ukipotea utatokea baharini au barabara kuu. Lakini pale Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, usiingie bila mtu wa kukueleza.