Kodi inayolipwa mwaka mmoja baadaye: jinsi ya kuipanga unapopima mradi

Wiki iliyopita nilikaa na shemeji yangu hapa Mji wa Kale kupiga hesabu ya mashine ya barafu. Kampuni yake huuza samaki, na barafu ananunua kila siku. Mashine ni shilingi 4,000,000. Itamwachia 1,600,000 kwa mwaka kabla ya kodi, kwa miaka 4, kisha haitauzika. Kodi ya kampuni ni 30%, tukaichukulia kuwa ya kila mwaka inalipwa mwaka unaofuata, na riba anayotumia kupimia miradi ni 12%. Nafuu ya uchakavu, yaani sehemu ya gharama ya mashine inayotolewa kwenye mapato kabla ya kutozwa kodi, tuliiweka 1,000,000 kila mwaka.

1. Panga karatasi ya Excel. Safu B ni leo, C ni mwaka wa 1, na kuendelea hadi G, yaani mwaka wa 5. Mstari wa 2 ni gharama, ikiandikwa na alama ya kutoa, na mapato; mstari wa 3 ni nafuu ya uchakavu.

2. Tenganisha mistari miwili ya kodi. Wengi hutoa nafuu kwenye mapato, wakapata 600,000, wakatoza kodi 180,000 basi. Jibu ni lile lile, lakini mimi siipendi njia hiyo kwa sababu inaficha tarehe. Mstari wa 4 uwe kodi ya mapato, wa 5 uwe kodi iliyookolewa na nafuu:

```
D4: =-30%*C2
D5: =30%*C3
```

Nakili zote mbili hadi G. Kila moja inasoma safu ya nyuma yake; huo ndio ucheleweshaji wenyewe.

Shemeji aliniuliza, "Mwaka wa tano wa nini, na mashine imeshakuwa chuma chakavu?" Mashine imekufa, deni la kodi ya mwaka wa 4 liko hai. Ukiisahau safu G unaacha nje kodi ya 180,000, ambayo kwa thamani ya leo ni kama 102,000, na mradi unapendeza bure.

3. Jumlisha. Mstari wa 6 ni jumla ya mstari wa 2, wa 4 na wa 5. Kisha:

```
=B6+NPV(12%,C6:G6)
```

B6 ikae nje ya mabano, kwa sababu NPV, fomula inayoleta fedha za miaka ijayo kwenye thamani ya leo, huhesabu kisanduku cha kwanza kama fedha ya mwisho wa mwaka wa 1. Kodi ikilipwa mwaka ule ule, mradi unabaki na 313,000 hivi. Ikichelewa mwaka, unabaki na 371,600. Kodi ni ile ile. Tofauti ya 58,600 imeletwa na kusubiri tu.

4. Nafuu ya kwanza inaangukia lini? Hapa niliwahi kupoteza jioni nzima, kwa hiyo nenda polepole.

Kosa la kawaida ni kuchelewesha kodi ya mapato huku kodi iliyookolewa ukiiacha mwaka ule ule. Jibu linapanda hadi 469,200, na 97,600 za humo si zako. Nafuu si fedha inayoingia mkononi. Inapunguza ile kodi utakayoilipa mwakani, kwa hiyo nayo hufika mwakani.

Lakini 469,200 hiyo hiyo inaweza kuwa sahihi. Tuseme mashine imenunuliwa na kuanza kazi Desemba, kabla hesabu za mwaka hazijafungwa. Nafuu ya kwanza inadaiwa katika mwaka unaokwisha, basi katika karatasi inakaa safu B, na kodi inayookolewa inaangukia mwaka wa 1. Mstari wote wa 3 unarudi nyuma safu moja, na fomula ya mstari wa 5 inaanzia C5. Ile ya mstari wa 4 usiisogeze: ukianza C4 itasoma gharama ya mashine kama hasara ya kodi na kukupa 1,200,000 za hewa.

Hili linahitaji kampuni iwe na faida nyingine mwaka huo. Shemeji anayo, ya samaki. Anayeanza na mashine peke yake hana kodi ya kupunguza, atasubiri.

Basi uliza tarehe ya kuanza kutumika kabla ya kugusa fomula.

5. Pima kama mwaka mzima ni kweli. Kenya kampuni hulipa kodi kwa awamu 4 ndani ya mwaka, na salio ndani ya miezi 4 baada ya mwaka kufungwa. Awamu zikikadiriwa kwa 110% ya kodi ya mwaka uliopita, kodi ya ziada ya mradi mpya inaweza kusubiri salio la Aprili, lakini hiyo ni miezi 4, si 12. Mwaka mzima ni wa kurahisisha hesabu. Kwa shemeji niliweka majibu yote mawili kando kwa kando, na mradi ulisimama hata bila ucheleweshaji.

Wala usitafsiri haya kuwa ruhusa ya kukaa na kodi iliyofika tarehe yake. Faini ni 5%, na riba 1% kwa mwezi. Ukichelewesha shilingi 100 mwaka mzima utalipa 117, ambazo kwa riba ya 12% ni sawa na 104 za leo.