Somo: kufuatilia bei za washindani kila Jumatatu, kwa duka dogo la Amu

Tuchukue duka la vyakula Langoni linalotaka kujua maduka ya Mombasa yanayouza mtandaoni yanauzaje mafuta, unga na sukari. Bidhaa kumi zatosha kuanzia.

1. Fungua Google Sheets. Safu A ni bidhaa, B anwani ya ukurasa wake, C bei, D ujazo kwa lita au kilo.

2. Fungua ukurasa wa bidhaa, bonyeza Ctrl+U uone msimbo wake, kisha utafute `product:price:amount`. Ikiwepo, andika kwenye C2:

```
=IMPORTXML(B2,"//meta[@property='product:price:amount']/@content")
```

3. Kwenye E2 weka `=C2/D2`. Msiiruke hatua hii. Wiki hii dumu la lita 3 ni shilingi 900. Wiki ijayo ukurasa uleule unauza la lita 2 kwa 640. Ukitazama C utadhani bei imeshuka kwa 260, kumbe lita imetoka 300 ikawa 320. Fomula haisomi ujazo, kwa hiyo D ihakikiwe kwa macho kila bei inaporuka ghafla.

4. Safu F ni bei ya Jumatatu iliyopita, na G ni `=E2-F2`. Fomula ya C hujisasisha yenyewe, haiweki kumbukumbu. Ukishaisoma G, nakili E uibandike juu ya F kwa Ctrl+Shift+V ili zibaki namba tupu. Nakala nyingine, pamoja na tarehe, iende kwenye karatasi ya kumbukumbu. Palipo na `#N/A` usibandike. Acha bei ya zamani na uandike pembeni kuwa ni ya zamani.

5. Mwenye duka mpelekee yaliyobadilika tu: "Mafuta: lita imepanda 20, dumu limepungua ujazo. Sukari: haikusomeka. Mengine vilevile." Jedwali zima hatalisoma, na mimi simlaumu.

Maswali ya wanachama

*Mkomani:* Mwalimu, mie napata `#N/A` ingawa bei naiona kwenye ukurasa.

Itafute hiyo bei ndani ya Ctrl+U. Isipokuwemo, inachorwa na JavaScript baada ya ukurasa kufunguka, na IMPORTXML haiwezi kuifikia. Kwa bidhaa mbili tatu, iandike kwa mkono. Ikiwemo lakini `product:price:amount` haipo, duka hilo linatumia alama nyingine, nayo ndiyo uiweke kwenye fomula.

*Mwanachama mwingine:* Hawatatukataza?

Ongeza `/robots.txt` mwisho wa anwani kuu ya tovuti uone kurasa walizozuia, usome na masharti yao. Penye kuhitaji nywila, usiingie.

*Langoni:* Bei ya Mombasa nailinganishaje na yangu?

Ongeza gharama ya kuufikisha mzigo Mokowe, boti ya kuvuka, na hamali au punda hadi mlangoni, kisha gawa kwa lita au kilo. Weka safu H kwa hilo. G usiiguse, kazi yake ni mabadiliko ya yule mshindani tu.