Kutafsiri minitsi za mkutano wa wazazi na kutoa orodha ya kazi: nani anafanya, na mwisho lini

Niko Lamu, na karibu kila muhula naletewa minitsi za mkutano wa wazazi nizitafsiri. Hali ni ile ile, watu wameongea Kiswahili mkutano mzima, katibu kaandika kwa Kiingereza, halafu mzazi anataka arudishiwe maneno yake kwa lugha aliyoyasemea. Hivi ndivyo nafanya.

Hatua ya 1: piga mstari chini ya vitenzi, usitafsiri bado. Soma zote kwanza na kila aya jiulize, hili lilipendekezwa, lilikubaliwa, au lilitajwa tu? Hapa ndipo ugomvi unapozaliwa. Mzazi mmoja akisimama akasema kila mtu atoe shilingi 300 za mlinzi, hilo ni pendekezo, na wewe ukiandika "iliazimiwa" umeshawatoza watu pesa kwa kalamu yako. Na shule ya umma haitozi tu hivihivi, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka idhini ya waziri kwa malipo ya ziada. Kwa hiyo pendekezo libaki pendekezo, na kwenye orodha ya kazi lisiingie kabisa.

Hatua ya 2: tafsiri, na saa uziangalie mara mbili. Kiingereza kikisema tisa asubuhi, kwetu ni saa tatu. Niliwahi kuandika "saa tisa" kwa haraka, wazazi wakaja alasiri mkutano umekwisha tangu mchana, na kuna mama alikuwa ametoka Matondoni kwa ajili hiyo tu. Tangu siku hiyo naandika saa pamoja na wakati wake, "saa tatu asubuhi", kisha naihesabu upya.

Kingine ni usiku. Kwa wazee wetu siku inaanza magharibi, kwa hiyo ukiandika "usiku wa Ijumaa" wao wanaelewa Alhamisi baada ya jua kuzama, na katibu alikusudia Ijumaa yenyewe. Andika "usiku wa kuamkia Jumamosi", hapo hakuna wa kukosea.

Hatua ya 3: toa kazi. Tuseme mkutano ulikuwa Jumamosi 17 Mei 2025 na kumbukumbu ya 5 inasema tangi la maji linavuja, ikakubaliwa litengenezwe haraka iwezekanavyo. Litengenezwe na nani? Sentensi haisemi, na kwenye tafsiri usimtie mtu ambaye katibu hakumtaja, iache ilivyo. Ila kwenye orodha andika HAJATAJWA kwa herufi kubwa, halafu mpigie katibu na mwenyekiti uwaulize.

Ukiuliza utagundua kumbe ni kazi mbili au tatu zimekaa kwenye sentensi moja, maana fundi lazima aje aangalie kwanza aseme kinachotakiwa, ndo mwekahazina ajue anatoa shilingi ngapi, na kama kile kiungo cha paipu hakipo kisiwani itabidi kisubiriwe kije na boti kutoka Mokowe. Kila moja ina mtu wake na siku yake:

```
Kumb. | Kazi                         | Mwenye kazi         | Mwisho
5     | Kuleta fundi, kupata bei     | Mwalimu wa usafi    | Alh 22 Mei
5     | Kutoa pesa ya vifaa          | Mwekahazina         | Jtt 26 Mei
5     | Kuhakikisha tangi halivuji   | Mwenyekiti wa wazazi| Ijm 6 Juni
```

Mwenye kazi awe mtu mmoja. Ukiandika "kamati" au "wazazi wote" ujue mkutano ujao tangi litakuwa bado linavuja na kila mtu alidhani mwenzake kashughulika. Tumia cheo badala ya jina kama orodha inaenda kwenye grupu la wasapu. Na "haraka iwezekanavyo" si tarehe, wala "Ijumaa ijayo" si tarehe, maana kwa mkutano wa tarehe 17 huyu ataelewa 23 na yule 30. Uliza, kisha andika siku na tarehe.

Hatua ya 4: irudishe kabla hujaituma. Msomee katibu orodha kwa simu, kazi moja moja, kisha kila aliyetajwa mpe habari yeye kwanza, kwa sababu si vizuri mtu akute cheo chake kwenye grupu na kazi ambayo hakukubali. Akisema siku haimtoshi, mwenyekiti ndiye wa kuibadilisha, si wewe mtafsiri. Juu kabisa andika RASIMU, kwenye tafsiri na kwenye orodha, mpaka minitsi zithibitishwe na kutiwa sahihi mkutano unaofuata. Katibu akirekebisha neno kule kwenye Kiingereza, fungua yako siku hiyohiyo ulirekebishe na wewe, halafu uangalie kama kuna kazi iliyotokana na lile neno la zamani.