Mtoto wako ana shoto? Weka haya sawa kabla hajaanza darasa la kwanza

Kama mwanao anashika penseli kwa mkono wa kushoto na mwezi wa kwanza anaingia darasani, soma haya sasa, usisubiri kuitwa shuleni kwa ajili ya mwandiko. Habari ya kumbadilisha mkono naimaliza mapema: usimbadilishe. Kumfundisha kula na kupokea vitu kwa kulia ni adabu ya nyumba yenu, na watoto wengi wa shoto huimudu. Penseli ni kazi nyingine. Ukimlazimisha kuandika kwa kulia utapata mtoto anayeandika polepole na kulichukia daftari. Waeleze na bibi na babu, kwa heshima, kabla hawajaanza kumchapa vidole.

Hakikisha kwanza kuwa ni shoto kweli. Weka kijiko, mswaki au mpira katikati ya mbele yake, si upande wowote, halafu tazama mkono gani unatangulia. Rudia siku kadhaa bila kumwambia unachotafuta. Akifika miaka mitano au sita wengi huwa wameshachagua. Akiwa bado anabadilishabadilisha, mwache achague, ila akianza zoezi kwa mkono mmoja alimalize kwa huohuo.

Sasa karatasi, maana hapa ndipo mwandiko unapoharibikia. Mtu wa kulia akiandika, mkono wake unakwenda mbele na kuyaacha maneno nyuma, anayaona. Wa shoto mkono wake unafuata nyuma ya penseli, unapita juu ya kile alichokiandika sasa hivi. Anakifunika na kukichafua kwa wakati mmoja. Daftari likikaa wima mbele yake, au likilazwa kama la mwenzake wa kulia, amebakiwa na njia moja tu ya kuona: kuupandisha mkono juu ya mstari na kuukunja kama ndoano, aandike akitokea juu. Umewahi kumtazama Barack Obama akisaini? Mkono wake umekunjwa hivyohivyo, na hati zimesainiwa. Kwa hiyo si ugonjwa. Lakini mtoto mdogo anayekunja kifundo cha mkono mchana kutwa huchoka haraka, hukandamiza penseli, na ukurasa mmoja unamaliza nguvu zote.

Dawa yake haina gharama. Sogeza daftari upande wa kushoto wa kifua chake, lisikae katikati. Kisha lizungushe kufuata mshale wa saa mpaka kichwa cha ukurasa kielekee pale ilipo namba 1 kwenye saa ya ukutani. Kona ya chini ya kulia ndiyo itakayoelekea tumboni kwake. Ukitazama utaona pembeni mwa daftari panalala sambamba na mkono wake wa kushoto kuanzia kiwiko hadi vidole. Hapo mkono unakaa chini ya mstari, kifundo kimenyooka, na neno linaonekana. Wengine wanataka kulaza zaidi kidogo, hadi katikati ya 1 na 2, sawa tu. Nyumbani chora mstari wa chaki juu ya meza kuonyesha daftari likae wapi, kwa sababu mtoto atalirudisha wima ukigeuza macho. Mkono wa kulia nao una kazi: ushike karatasi, na mistari ikiendelea ulisukume daftari juu. Akiliacha mahali pamoja, kiwiko kitamwishia pembeni mwa meza na ndoano itarudi.

Mshiko wa penseli ni uleule wa kila mtu. Kidole gumba na cha shahada vinabana, cha kati kinabeba kwa chini. Tofauti ni umbali: ashike juu zaidi kuliko wa kulia, kama sentimita tatu kutoka kwenye ncha, ili aone kilicho mbele ya vidole. Zungushia uzi au kipande cha plasta hapo, vidole visishuke chini yake. Mkia wa penseli uelekee bega la kushoto. Ukiona unaelekea mbele, mbali naye, jua mkono umeshakunjwa, na kosa kwa kawaida liko kwenye karatasi, si kwenye vidole. Rudi urekebishe daftari kwanza.

Penseli yenyewe iwe HB au B, na usiichonge ikawa sindano. Wa kulia anaivuta penseli, wa shoto mara nyingi anaisukuma, na ncha kali ikisukumwa inachimba karatasi. Daftari la bei rahisi litatoboka, kisha mtoto aambiwe hana adabu na vitu.

Kiti: miguu iguse chini, meza ifike usawa wa viwiko. Meza ikiwa juu sana, mkalishe juu ya kitu. Taa iwe upande wa kulia, la sivyo anaandika ndani ya kivuli cha mkono wake mwenyewe.

Nimefika kwenye lile ambalo hakuna aliyeniambia, tukalijua mtoto akiwa ameshaumia. Mtoto wa mdogo wangu alianza shule akiwa amefundishwa yote hayo nyumbani. Daftari la nyumbani lilikuwa safi, herufi zimesimama. Daftari la shule lilikuwa la mtu mwingine: herufi zimebanana, zinapanda juu ya mstari, kurasa zimepakwa weusi wa penseli. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu kwamba mtoto ni mvivu. Mama yake akaamini, akamwongezea mazoezi jioni, na jioni mwandiko ulikuwa mzuri, jambo lililomkasirisha zaidi. “Kumbe unaweza, shuleni unafanya makusudi!”

Nikaomba ruhusa nikakae nyuma ya darasa wakati wa kuandika. Sikuhitaji kukaa muda. Dawati lilikuwa la watoto watatu, na yeye alikuwa katikati. Aliyekaa kushoto kwake anaandika kwa kulia, kama watoto wengi. Kiwiko cha kulia cha yule na kiwiko cha kushoto cha huyu vilikuwa vinagongana kila neno. Yule ni mkubwa wa mwili, akashinda. Wetu alikuwa amebana mkono ubavuni, daftari amelisimamisha wima kwa sababu likilazwa linaingia kwa jirani, na mkono ameukunja juu ya mstari. Kila tulichomfundisha nyumbani dawati lilikuwa limekifuta.

Tulipomweleza mwalimu alielewa mara moja, akamhamishia mwisho wa kushoto wa dawati. Tukashukuru, tukaondoka. Wiki iliyofuata mwandiko ulikuwa vilevile. Nilirudi nikakuta dawati lao limesukumwa hadi ukutani, na mwisho wa kushoto ndio ulio kwenye ukuta. Kiwiko kilichokuwa kinamgonga mwenzake sasa kilikuwa kinagonga tofali. Alipohamishwa safu nyingine, ambako kushoto kwake ni njia ya kupita, mkono ulitoka nje ya dawati, daftari likalala. Haikuwa siku moja, kwa kuwa alishazoea kukunja, lakini kabla ya muhula kwisha madaftari mawili yalikuwa yanafanana.

Kwa hiyo kariri hivi: mwisho wa kushoto wa dawati, na kushoto kwake kuwe wazi. Katika darasa la watoto sitini huenda wapo kama sita wenye shoto, maana ni kama mmoja katika kumi, basi mwalimu akipenda anaweza kuwakalisha wawili wa shoto pamoja na tatizo likaisha. Nenda umwone mwenyewe, usitume barua kupitia kwa mtoto. Usiende na lawama: mwambie, “Mwalimu, naomba unisaidie akae mwisho wa kushoto, upande wa njia,” na umwonyeshe kwa daftari namna viwiko vinavyogongana. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hana nafasi ya kuligundua hilo peke yake. Kila wanapobadilishiwa viti, uliza tena.

Ukishakaa na mwalimu, taja na jambo la mfano wa herufi. Mara nyingi herufi ya kuigwa inaandikwa mwanzo wa mstari, kushoto, na mtoto anaijaza hadi mwisho. Mkono wa shoto unatua juu ya huo mfano. Herufi ya kwanza ataipatia, halafu anaanza kuiga ile aliyoiandika mwenyewe, na makosa yanakua kuelekea kulia. Ukiona mstari unaanza vizuri na kuharibika polepole, sababu inaweza kuwa hiyo. Iandike herufi ya mfano upande wa kulia wa mstari pia, au juu yake. Nyumbani unaweza kuanza leo.

Akigeuza herufi, b ikawa d, au akianzia namba upande usiofaa, usipige kelele. Watoto wa mikono yote hufanya hivyo mpaka karibu miaka saba. Weka alama ya rangi ukingo wa kushoto wa ukurasa ajue pa kuanzia. Akivuta mstari wa juu wa t kutoka kulia kwenda kushoto, mwache, huo ndio upande ambao mkono wake unavuta badala ya kusukuma. Kama anasoma chuoni, utaona mwandiko wake wa Kiarabu umetulia kuliko wa shule. Usishangae: maandishi yanatoka kulia kwenda kushoto, mkono wake unatangulia mbele, haufuniki kitu. Mwonyeshe mwalimu anayesema mkono wa mtoto ni mbovu.

Mengine ni madogo lakini yanauma. Rula namba zake zinaanza kushoto, mkono unazifunika, apige mstari akitokea kulia. Akianza kalamu ya wino mnunulie inayokauka haraka, zile za wino mwingi laini zitampaka hadi kiwiko na shati la shule utalifua wewe. Mkasi wa kawaida unamfichia mstari anaokata, basi usimcheke karatasi ikitoka upandeupande. Daftari nene likimwinua mkono kwenye ukurasa wa kulia, alikunje nyuma. Na akisema mkono unauma, au vidole vimekuwa vyeupe kwa kubana, mpumzishe, umtazame akiandika tangu mwanzo: miguu, meza, karatasi, kisha vidole. Vyote vikiwa sawa na maumivu yakaendelea wiki hadi wiki, mpeleke hospitali aangaliwe mkono, na macho pia.